Replace All inavyogeuza class hadi ndani ya classification, na jinsi ya kuizuia

Unafungua Find and Replace, unaandika class kule juu, chini yake group, unabonyeza Replace All, unaona imebadilisha sehemu kibao, unafurahi. Halafu unasoma faili unakuta neno groupification, ambalo halipo popote duniani. Sababu ni kwamba kompyuta haijui neno ni nini. Wewe ukiandika class yenyewe inaona herufi tano, c-l-a-s-s, basi, na popote itakapozikuta zimefuatana hivyo inazikata na kuweka zako, iwe ni mwanzo wa neno, katikati au mwisho, haiulizi.

Chukua sentensi hii:

```
each class has a classroom, and the classification of a subclass is a classic case
```

Ukibonyeza Replace All unapata hii:

```
each group has a grouproom, and the groupification of a subgroup is a groupic case
```

Sehemu tano zimebadilika wakati ulitaka moja. Na cheki subgroup, hiyo ndo mbaya kuliko zote kwa sababu inasomeka vizuri tu, grouproom utaishtukia lakini subgroup inapita kimya kimya hadi kazi inamfikia mtu.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2002 iliripotiwa kwamba Yahoo Mail ilikuwa inabadilisha neno eval kwenye barua za watu kuwa review, lengo lao kuzuia code hatari za JavaScript, ila hawakuangalia mipaka ya neno, kwa hiyo medieval ikawa medireview na likaanza kuonekana kwenye kurasa za watu mtandaoni.

Dawa ni kuiambia itafute neno zima. Kwenye Microsoft Word bonyeza Ctrl+H, halafu More, weka tiki kwenye Find whole words only. Kwenye VS Code fungua kisanduku cha kutafuta ubonyeze Alt+W, ile alama ya ab yenye mstari chini. Google Docs haina tiki ya namna hiyo, pale unawasha Use regular expressions, yaani rejeksi, ile lugha ya alama za kutafutia maandishi, halafu unaandika hivi:

```
\bclass\b
```

Hiyo `\b` haiwakilishi herufi yoyote, ni alama ya mpaka, yaani pale ambapo upande mmoja kuna herufi na upande wa pili hakuna, labda kuna nafasi, koma, nukta au ndo mwisho wa mstari. Kwenye classification baada ya s ya pili inafuata i, hakuna mpaka, inaachwa. Ukiitumia kwenye Python weka r mbele, `r'\bclass\b'`, bila hiyo r Python inaisoma `\b` kama kitufe cha kufuta na hutapata kitu.

Kuna watu wanatafuta class yenye nafasi mbele na nyuma, wanaona wamemaliza. Hapana, class yenye koma haiguswi, yenye nukta haiguswi, ya mwanzo wa mstari pia haiguswi.

Ila hata neno zima lina mambo yake. Classes haitaguswa, wingi inabidi uubadilishe peke yake. Kwenye rejeksi kistari cha chini kinahesabiwa kama herufi, kwa hiyo class_name itabaki salama, lakini kistari cha kawaida ni mpaka, kwa hiyo sub-class itageuka sub-group hata kama umetumia `\b`. Na kwenye Kiswahili ndo balaa, ukibadilisha kata kuwa mtaa bila neno zima, mkataba unakuwa mmtaaba na kukataa inakuwa kumtaaa, ukiweka neno zima hizo zinapona lakini sasa ukitaka kubadilisha soma, basi anasoma, wamesoma na tutasoma zote zinaachwa kwa sababu viambishi vimegandana nalo. Hapo usitumie Replace All kabisa, bonyeza Find Next uzipitie moja moja, inachosha lakini sijaona njia nyingine ya kuaminika.

Ukishaharibu, Ctrl+Z hapo hapo kabla hujafunga faili. Usijaribu kurudisha kwa kubadilisha group kuwa class, maana kama mwanzoni faili lilikuwa na group zake halali nazo zitageuka class, na kompyuta haina namna ya kujua ipi ilikuwepo na ipi umeileta wewe, hapo tafuta kopi ya zamani.