Sala ya kitandani kwa mgonjwa ambaye dini yake haijulikani

"Mgonjwa hajitambui, hana ndugu wala kitambulisho, na madaktari wanasema hafiki kesho. Mchungaji wa hospitali atamwombeaje kama hajui huyu ni Mkristo, Mwislamu au hana dini kabisa?"

Anaomba kwa ufupi, kwa sauti ya chini, na anaomba kwa niaba yake mwenyewe, si kwa niaba ya mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Akisema "Mungu, mimi nakuomba umrehemu baba huyu," amesema la kwake. Akisema "Bwana, tunatubu na kumpokea Yesu," amemwekea mgonjwa mdomoni maneno ambayo hawezi kuyakubali wala kuyakataa. Mtu aliyezimia hana namna ya kusema hapana, na mchungaji anayejua kazi yake anaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa Moshi. Mzee amegongwa na gari usiku karibu na Boma Ng'ombe, kwenye barabara iendayo Arusha. Amefikishwa hospitali na PF3 ya polisi, mifuko mitupu, na faili lake limeandikwa "hajulikani". Jeraha la kichwa limeshindikana. Nesi wa zamu anampigia simu mchungaji.

Kabla ya sala kuna kuulizia. Nguo alizokuja nazo ziko wapi? Kuna rozari, tasbihi, kofia, kadi ya jumuiya? Waliomwokota barabarani walimsikia akitamka neno lolote? Hata jina likipatikana, lisimdanganye mtu. Kilimanjaro ukoo mmoja unaweza kuwa na wanaokwenda kanisani na wanaokwenda msikitini, kwa hiyo kumjua kuwa ni Mushi au Massawe hakujakwambia anasali wapi.

Alama moja tu, kwa maoni yangu, inatosha kumwita kiongozi wa dini hiyo, lakini haitoshi kwa mchungaji kubadilisha sala yake kwa kubahatisha. Ikionekana rozari, aitwe padri, kwa sababu Mpako wa Wagonjwa ni wa padri pekee, na Kanisa Katoliki linamruhusu kumpaka asiyejitambua pale inapoaminika kwamba angeuomba mwenyewe kama angekuwa na fahamu. Ikionekana tasbihi, si lazima kumngoja shehe afike. Nesi au mhudumu Mwislamu aliye zamu anaweza kumlakinia shahada, yaani kumtamkia taratibu sikioni ili aifuatishe. Anaweza pia kusaidia kumgeuza ubavu wa kulia kuelekea kibla, iwapo majeraha na mipira ya dawa vinaruhusu. Kwa Moshi kibla iko karibu kaskazini kabisa, upande wa mlima. Mchungaji Mkristo hatamki shahada mwenyewe, maana ile ni ushahidi wa anayeiamini.

Kwa mzee wetu hakuna kilichopatikana. Mchungaji ananawa mikono, anavuta pazia, anasogea karibu na kichwa na kuongea naye kama na mtu anayesikia: "Shikamoo, baba. Mimi ni mchungaji wa hapa hospitalini. Sijui dini yako. Ningependa kukuombea kwa Mungu maneno machache. Kama hupendi, nitakaa tu hapa nawe." Halafu ananyamaza kidogo.

Maneno hayo hayapotei bure. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Baadhi ya wale ambao hawakuitika tena, ubongo wao bado uliitikia milio waliyosikilizishwa. Vipimo hivyo havikuonyesha kwamba wanaelewa maneno. Lakini vinatosha kutuzuia tusiseme mbele ya mgonjwa jambo ambalo tusingemwambia akiwa macho.

Kisha sala yenyewe. Haizidi dakika moja, na kila sentensi inaisha kwa pumzi moja:

"Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, mimi nakuomba kwa ajili ya baba huyu. Jina lake wewe unalijua. Wanaompenda, popote walipo, unawajua. Mpunguzie maumivu. Mwondolee hofu. Mzungushie rehema yako sasa na hata atakapoondoka kwetu. Amina. Baba, hauko peke yako. Tuko hapa."

Mwanzo wake Mkristo anaukubali na Mwislamu anaukubali. "Jina lake wewe unalijua" inaeleza kweli ya kitanda kile bila kumwita "asiyejulikana" masikioni mwake. Katikati yanaombwa mambo ambayo mtu yeyote anayaombea mwenzake: maumivu yapungue, hofu imtoke. Na zile sentensi mbili za mwisho haziambiwi Mungu, anaambiwa mzee. Zimewekwa hapo kwa ajili ya uwezekano kwamba haamini kitu. Hata kama sala yote haimhusu, hizo zinamhusu.

Kilichoachwa nje kimeachwa kwa makusudi. Hakuna sala ya toba, maana hatujui dhambi zake wala si wakati wa kumtisha. Hakuna ubatizo, kwa sababu mtu mzima hubatizwa akitaka mwenyewe, na huyu hajasema. Jina la Yesu halitamkwi kwa sauti. Wapo wachungaji ambao hili linawauma, wanaona ni kama kumkana Bwana wao. Mimi naona hawakosi nafasi: wanaweza kulitaja moyoni, na sala ile ikabaki sala yao kamili, huku masikio ya mgonjwa yakiachwa huru. Wala hakuna ombi la "mwinue kitandani". Daktari ameshasema alichosema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanasikiliza.

Muda wote huo mchungaji anamtazama mgonjwa. Akikunja uso, akivuta mkono ulioshikwa au akianza kuhangaika, sala inakatizwa hapohapo na mkono unaachiwa. Hapa kuna mtego, kwa sababu pumzi za anayekata roho hubadilika zenyewe. Husimama kwa sekunde kadhaa, zikarudi kwa kasi, zikapungua tena. Anayeomba asizitafsiri kama jibu, akasema "ameitikia Amina" au "roho inakataa". Ni vizuri amuulize nesi kabla ya kuanza jinsi mgonjwa alivyokuwa akipumua saa nzima iliyopita, ili ajue kipya ni kipi. Kushika mkono nako kuna mipaka: kama mgonjwa ni mwanamke na mchungaji ni mwanamume, mkono ushikwe na nesi wa kike, kwani kuna familia ambazo jambo hilo lingewaumiza wakilisikia.

Sala ikiisha, kazi inayosahaulika mara nyingi ni kuandika. Kwenye faili inaingia saa, jina la aliyeomba, na kwamba mgonjwa aliombewa sala ya jumla, hakubatizwa, hakupakwa mafuta, hakusomewa shahada. Akifariki, macho yanafumbwa, taya linafungwa na viungo vinanyooshwa, mambo ambayo Wakristo na Waislamu wote huyafanya, na mwili unakwenda mochwari bila msalaba wala alama nyingine yoyote. Ndugu wakitokea keshokutwa kutoka Same au Karatu, swali lao la kwanza huenda likawa hilohilo: alifanyiwa nini? Wakiwa Waislamu watataka kuosha na kuzika mapema, wakiwa Wakatoliki watauliza habari za padri, na nesi aliye zamu siku hiyo, ambaye huenda hakuwepo usiku ule, atawasomea mistari hiyo kama ilivyoandikwa.