Ofa iliuza, au Ramadhani ndiyo iliuza?

Mzee mmoja mwenye stoo ya jumla Kariakoo aliniita mwezi Mei 2025 nimpigie hesabu za ofa yake ya tambi. Kabla sijamaliza kusema shikamoo alishanigeuzia daftari. "Mwanangu, tazama mwenyewe. Kabla ya ofa katoni elfu mbili. Kwenye ofa elfu tatu na mia nne. Nataka niirudie kila baada ya miezi mitatu."

Ofa yenyewe ilikuwa rahisi: mwenye duka akinunua katoni 20 za tambi, anaongezewa moja bure. Ilianza Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025 ikaisha tarehe 22 Machi. Takwimu zake nimezibadilisha kidogo ili asijulikane, lakini uwiano wake nimeuacha ulivyo.

Aliyekulia pwani keshaona kasoro. Mwaka 2025 waliofuata mwezi wa hapa nyumbani walianza kufunga tarehe 2 Machi. Ofa ilianza wiki moja kabla, ile wiki ambayo kila mwenye duka anajaza rafu kwa ajili ya futari. Tambi katika wiki hiyo hazihitaji ofa ili zitoke. Kwa hiyo zile katoni 1,400 za ziada zina wazazi wawili, na kazi yangu ilikuwa kumpa kila mmoja mtoto wake.

Mzee alipoambiwa hivyo hakubisha. Alisema basi tulinganishe na Machi ya mwaka jana, maana nayo ilikuwa na mfungo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata wenye shahada. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2024 mfungo ulianza tarehe 12 Machi. Ukichukua tarehe zilezile za ofa, 23 Februari hadi 22 Machi, ukaziweka juu ya mwaka 2024, utakuta ndani yake siku 11 tu za Ramadhani. Mwaka 2025 kipindi hicho kina siku 21. Ungekuwa unalinganisha siku 21 za mfungo na siku 11, karibu nusu yake, na tofauti yote ungeipa ofa.

Kwa hiyo mimi huziacha tarehe nikahesabu wiki kutoka mwezi kuandama. Ofa ilikaa wiki moja kabla ya mfungo na wiki tatu za mwanzo wa mfungo. Kwa mwaka 2024 wiki hizohizo ni kuanzia tarehe 5 Machi hadi 1 Aprili. Kila upande una siku 28 kamili, kwa hiyo idadi ya Jumamosi na Jumapili ni sawa, na kila upande umepitiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi mara moja. Mambo haya madogo yakiachwa huvuruga hesabu kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa maduka ya mitaani yanayouza sana tarehe za mishahara.

Kisha nikahitaji kipindi cha kawaida cha kuanzia. Nilichukua wiki nne zinazotangulia wiki ya kujaza rafu. Kwa 2025 hizo zilitoa katoni 2,000. Kwa 2024, wiki nne zilizo mahali palepale kuhusiana na mwezi zilitoa 1,600. Na zile wiki za mfungo za 2024, ambapo hapakuwa na ofa yoyote, zilitoa 2,400.

Sasa hesabu ni ya darasa la sita. Mwaka 2024 Ramadhani peke yake ilipandisha mauzo kutoka 1,600 hadi 2,400, yaani mara moja na nusu. Mwaka 2025 biashara ya mzee imekua, inaanzia 2,000. Ramadhani ikifanya kazi ileile, tungetegemea 3,000 bila ofa. Zimeuzwa 3,400. Ofa inadai 400, si 1,400. Kwenye Ekseli, kama mwaka jana uko mstari wa 2 na mwaka huu mstari wa 3, kawaida ikiwa safu ya B na mfungo safu ya C, fomula ni hii:

```
=C3-B3*(C2/B2)
```

Tazama kwamba sikutoa 2,400 kwenye 3,400. Ningefanya hivyo ningeipa ofa katoni 1,000, na nyingi kati ya hizo zinatokana na kukua kwa biashara: mzee alifungua njia mpya ya gari la kusambaza Mbagala mwishoni mwa 2024. Ndiyo maana kinachobebwa kutoka mwaka jana ni uwiano, si idadi.

Uwiano huo nao una masharti. La kwanza ninaloliuliza daima ni kama mwaka jana mzigo uliisha. Stoo ikikaa siku tatu bila tambi katikati ya mfungo, mauzo ya mwaka jana yanaonekana madogo kuliko hamu ya wateja, uwiano unashuka, na ofa ya mwaka huu inapata sifa ya bure. Dalili yake inaonekana kwenye risiti: siku za sifuri zilizofuatana, halafu siku moja yenye mauzo ya ajabu. Kwa tambi za mzee hazikuwepo. Tungekuwa tunapima sukari nisingethubutu kutumia 2024 kabisa, maana mapema mwaka ule sukari iliadimika nchini na bei zikapaa. Na kwa mchele au mafuta ya kupikia ningekumbuka kwamba Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, ndani ya wiki zetu, wakati ya 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili, nje yake. Tambi haziguswi sana na Pasaka, nikaendelea.

Mwaka mmoja wa nyuma ni shahidi mmoja, na mimi shahidi mmoja hunikosesha usingizi. Bahati nzuri mzee ana stoo nyingine Tanga, na huko ofa haikupelekwa kwa sababu msimamizi wa huko alichelewa kujibu simu. Uzembe wake ukanipa kipimo. Tanga wiki nne za kawaida ziliuza katoni 800 na wiki za mfungo 1,180, yaani mara 1.475. Nikiupeleka uwiano huo Kariakoo napata 2,950, na ofa inabaki na 450.

Lakini nilipopitia majina kwenye risiti za Kariakoo nilikuta wateja wawili wa Tanga. Walisikia kuna katoni ya bure, wakaagiza kwa basi, wakachukua katoni 40 ambazo kwa kawaida wangenunua kwao. Basi Tanga bila ofa ingeuza 1,220, uwiano unakuwa 1.525, makadirio ya Kariakoo yanapanda hadi 3,050, na ofa inashuka hadi 350. Kutoka kwenye hizo nazo ukiondoa 40 zilizohama mfuko mmoja kwenda mwingine wa mzee yuleyule, zinabaki 310. Njia moja inasema 400, nyingine inasema 310. Mashahidi wawili wasiojuana wakikaribiana hivyo naridhika. Nilichukua ile 400, iliyo nzuri zaidi kwa ofa, ili mzee asiseme nimeionea.

Watu wengi hufunga daftari hapa. Mimi huomba wiki nne nyingine, za baada ya ofa.

Mwenye duka si mlaji. Akiambiwa leo ndiyo siku ya mwisho ya katoni ya bure, ananunua za mwezi ujao. Nilimtembelea mmoja Magomeni mwanzoni mwa Juni: nyuma ya friji ya soda kulikuwa na katoni tisa za tambi, ya juu ina vumbi la kuandikia kwa kidole. Aliniambia bila aibu, "Za ofa hizo. Sijanunua tena tangu Idi."

Kwa hiyo ilibidi kujua wiki za baada ya ofa zingekuwaje bila ofa, na si kuzilinganisha na kawaida, kwa sababu baada ya Idi tambi hushuka zenyewe. Watu wamezichoka. Mwaka 2024 wiki hizo nne ziliuza 1,280, yaani asilimia 80 ya kawaida ya 1,600, pamoja na kwamba wiki ya kwanza bado ilikuwa na moto wa maandalizi ya Idi. Kwa 2025 tungetegemea asilimia 80 ya 2,000, ambayo ni 1,600. Ziliuzwa 1,330. Pungufu ni 270.

Hizo 270 ni mauzo yaliyovutwa mbele. Na usisahau zile katoni za bure: zilitoka 140, kwa sababu katoni 2,800 kati ya 3,400 ndizo zilizonunuliwa kwa mafungu ya ishirini ishirini. Katoni hizo 140 zilikwenda kukaa kwenye rafu zilezile ambazo mzee angeziuzia baadaye. Sehemu ya pungufu ni za kwake mwenyewe, alizozigawa. Ukitoa 270 kwenye 400, ofa imeongeza katoni 130.

Mzee alikuwa na hesabu yake ya faida tayari. Katoni anainunua 21,500 na kuiuza 24,000, faida 2,500. Katoni 1,400 za ziada mara 2,500 ni 3,500,000. Za bure 140 zimemgharimu 3,010,000. Anabaki na 490,000 mkononi, na ndiyo maana alitaka kuirudia. Kwa katoni 130 faida ya ziada ni 325,000 tu, gharama ni ileile 3,010,000. Ofa imemtia hasara ya 2,685,000, na ndani yake sijaweka mabango wala muda wa kijana wa spika aliyekuwa akitangaza mlangoni.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kwenye daftari nilikuwa na faida?"

Alikuwa nayo, na hilo ndilo linalochanganya. Jumla ya mfungo wote alipata faida, kwa sababu Ramadhani ilimpa. Ofa ilikula kipande chake. Akiwatazama wateja waliopata katoni za bure anaona wamenunua sana, lakini wengi wao ni walewale wanaochukua arobaini kila mwaka mwezi ukikaribia. Amewalipa kwa jambo walilokuwa wakilifanya bure.

Kuirudia kila miezi mitatu sikumkatalia. Nilimwomba tu asiirudie kwa wateja wote. Tulichukua orodha ya wateja wake wa kudumu wa tambi, maduka 86, nikayapanga kwa ukubwa wa manunuzi, halafu kila jozi ya maduka yanayofuatana tukairushia shilingi: moja linapata ofa, la pili halipati. Tulichagua Agosti, mwezi usio na mfungo wala sikukuu inayogusa tambi, na tukakubaliana mapema kwamba tutahesabu hadi mwisho wa Septemba ndipo tuseme lolote. Kikwazo kilikuwa vijana wa mauzo, ambao mteja akilalamika humpa ofa ili yaishe. Tuliwabana kwa namba ya risiti: katoni ya bure haitoki stoo bila msimbo wa duka lililo kwenye orodha. Siku ya tatu mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kuomba msimbo, kwa ajili ya shemeji yake wa Manzese aliyeangukia upande wa pili wa shilingi.