Tashbihi, sitiari na taashira: neno "kama" peke yake halitoshi

Malalamiko yanayotufikia kuhusu alama za tamathali za semi yamekuwa mengi kiasi cha kuhitaji maelezo ya wazi. Karibu yote yanazunguka kosa moja. Mtahiniwa amepewa sentensi kama "Ikulu imetoa taarifa" au "Darasa lote lilinyamaza", akaandika sitiari au tashihisi, akakosa alama, na nyumbani ikaonekana kwamba swali lilikuwa la mtego. Halikuwa la mtego. Jibu lilikuwa taashira, na sababu yake inaweza kuonyeshwa kwa sentensi yenyewe.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo pana mkanganyiko ambao si kosa la mwanafunzi. Tashbihi wengine huiandika tashbiha au tashibiha. Sitiari wengine huiita istiara. Taashira ndiyo yenye tabu zaidi: baadhi ya vitabu huiita majazi au metonimia, na vingine hutumia neno taashira kwa maana ya ishara kwa jumla. Katika makala haya, taashira ni kukitaja kitu kwa jina la kitu kingine kinachoambatana nacho. Makala haya hayabadilishi mwongozo wowote wa usahihishaji; yanafafanua tu msingi wa uamuzi.

Tashbihi hulinganisha vitu viwili waziwazi, na vyote viwili hubaki vimesimama: "Ana mbio kama swala." Kiunganishi kinaweza kuwa kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani au kana kwamba. Hapa wengi hukimbilia kupigia mstari kila "kama" wanayoiona, jambo linalosikitisha kwa sababu neno hilo lina kazi nyingi. "Kama utakuja, nijulishe" ni sharti. "Nilisubiri kama saa mbili" ni kadirio. "Sijui kama amefika" ni shaka. "Juma ni mrefu kama kaka yake" ni mlinganisho kweli, lakini si tamathali, kwa kuwa watu wawili wanapimwa kimo kwa kipimo kilekile. "Juma ni mrefu kama mnazi" ndiyo tashbihi: mtu na mti ni vitu vya jinsi mbili tofauti, na kinachovikutanisha ni sifa moja tu.

Sitiari huliondoa daraja hilo. Asili ya neno ni Kiarabu, na maana yake ni kuazima: jina la kitu kimoja linaazimwa na kupewa kingine kwa sababu vinafanana. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alilieleza hili kwa mfano wa shujaa na simba. Ukisema shujaa aliruka kama simba, ni tashbihi. Ukisema "simba aliruka" huku unamkusudia shujaa, ni sitiari. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwamba sitiari ni tashbihi isiyo na "kama" hajakosea. Tatizo ni kwamba mwanafunzi huondoka darasani akiamini kuwa sitiari lazima iwe na umbo la "fulani ni kitu fulani". "Habari zimevuja" ni sitiari, na hakuna "ni" ndani yake. "Simu imekufa" vilevile. Kilichoazimwa hapo ni kitenzi.

Taashira haina mfanano wowote, na hili ndilo jambo ambalo barua nyingi tunazopokea hazilizingatii. Ikulu ni jengo, na jengo halifanani na rais wala na msemaji wake. Linatajwa badala yao kwa sababu wao ndio wanaofanya kazi humo. Darasa halifanani na wanafunzi. Wanafunzi wamo ndani yake. Ukisema "Birika linachemka", kinachochemka ni maji. Ukisema "Amekula sahani mbili", sahani zipo salama. Ukisema "Gari lilimgonga mtu likakimbia", aliyekimbia ni dereva. Uhusiano unaweza kuwa wa chombo na kilichomo, mahali na watu wake, kifaa na anayekitumia, au sehemu ya kitu na kitu kizima, ila daima vitu hivyo viwili vinaishi pamoja katika hali halisi.

Sasa, kwa nini "Ikulu imetoa taarifa" isiwe tashihisi? Kwa sababu tashihisi hukipa kitu kisicho na uhai tendo la kibinadamu ambalo hakuna binadamu aliyelitenda, kama katika "Upepo ulininong'oneza". Katika sentensi ya Ikulu, binadamu yupo na taarifa ameitoa kweli. Jina lake tu ndilo halikutajwa.

Tofauti hii ya mfanano na uambatano haikubuniwa ili kuwatesa watahiniwa. Mwaka 1956 mwanaisimu Roman Jakobson aliihusisha na wagonjwa wa afasia, yaani watu waliopoteza sehemu ya uwezo wa lugha kutokana na athari kwenye ubongo. Alitaja wagonjwa waliosema uma badala ya kisu, meza badala ya taa, moshi badala ya kiko: vitu vinavyokaa pamoja. Wa kundi la pili walisema darubini badala ya hadubini: vitu vinavyofanana. Njia moja ilikuwa imeharibika, nyingine ikaendelea kufanya kazi.

Kwa sentensi yoyote, fuata utaratibu huu, na ufuate kwa mpangilio wake. Kwanza, hakikisha kwamba kuna neno lililotoka kwenye maana yake ya kawaida. Kama halipo, hakuna cha kutaja. Pili, angalia kama kuna kiunganishi cha kulinganisha kati ya vitu vya jinsi mbili; kikiwapo, ni tashbihi, na kazi imekwisha. Tatu, kisipokuwapo, kiingize mwenyewe. "Yule mtoto ni simba" hugeuka "Yule mtoto ni kama simba", na maana inabaki ileile: ni sitiari. Kwa kitenzi, uliza tendo hili linafanana na lipi. Habari zimetoka kama maji yanavyotoka kwenye chombo kilichotoboka, kwa hiyo ni sitiari. Nne, "kama" ikigoma, ingiza neno lililoachwa pamoja na kihusishi chake: "Wanafunzi wa darasa lote walinyamaza", "Maji ya kwenye birika yanachemka". Sentensi ikikaa sawa, ni taashira.

Angalia pia upatanisho, kwa kuwa Kiswahili hutupa hapo ushahidi ambao lugha nyingi hazina. Muuguzi anapomwambia mwenzake "Kitanda namba sita hajanywa dawa", nomino ni ya ngeli ya KI-VI lakini kitenzi kimechukua kiambishi cha mtu. Kwa kanuni ya darasani ingekuwa "hakijanywa". Masikio ya muuguzi hayakukosea: kitanda hakinywi dawa, na kitenzi kimemfuata mgonjwa aliye nyuma ya neno. Hata hivyo, dalili hii ina mpaka wake. Inakuonyesha kwamba neno limemsimamia mtu, lakini haikwambii limemsimamia kwa njia gani, kwani "Jembe letu amerudi", kwa maana ya mchapakazi wetu, hufanya vivyo hivyo na ni sitiari. Na wasemaji wengi husema "Jembe letu limerudi", bila tamathali kupungua.

Neno "kichwa" ndilo linaloangusha watahiniwa wengi, basi tulipitishe kwenye utaratibu huo.

"Kila kichwa kitapata kiti kimoja." Ukiingiza "kama" hupati kitu. Ukiingiza uhusiano, unapata: kila mtu mwenye kichwa. Sehemu imesimamia mtu mzima, na hiyo ni taashira, ingawa wako wanaoitenga aina hii na kuipa jina lake.

"Yeye ndiye kichwa cha familia." Hapa uhusiano wa sehemu na mtu haukusaidii. Ila sema: kama kichwa kilivyo kwa mwili, ndivyo alivyo kwa familia. Sentensi inafunguka. Ni sitiari, na kilicholinganishwa ni nafasi na kazi ya kuongoza.

"Yule dada ni kichwa." Hii ndiyo yenye malalamiko mengi, kwa sababu ina umbo la "fulani ni kitu fulani" na mtahiniwa huandika sitiari bila kusita. Jaribu: "Yule dada ni kama kichwa." Hafanani na kichwa hata kidogo. Kichwa kimetajwa kwa sababu ndimo tunamoamini akili imo, na akili imetajwa kwa ajili ya mtu mwenye nayo. Ni taashira ya hatua mbili: kichwa, akili, mwenye akili. Umbo la sentensi halikuonyesha hilo, jaribio limeonyesha.

"Kichwa chake ni kigumu kama jiwe", akisemwa mwanafunzi asiyeelewa upesi. Kuna tamathali mbili kwa pamoja. "Kama jiwe" ni tashbihi. "Kichwa" kwa maana ya uwezo wa kuelewa ni taashira. Swali likisema "taja tamathali iliyopigiwa mstari", soma vizuri mstari umepita wapi.

Kuhusu alama, tunaomba walimu walifikishe hili kama lilivyo. Swali la alama 2 mara nyingi hugawanywa 1 ya kutaja na 1 ya mfano au maelezo. Anayetaja jina sahihi bila kunukuu hupata nusu. Anayenukuu sahihi na kutaja jina lisilo sahihi hapati nusu, kwa kuwa nukuu hupimwa dhidi ya jina lililoandikwa. Anayeandika "sitiari/taashira" kwa matumaini kwamba moja itashika hukosa, hata kama moja ni sahihi. Msahihishaji hawezi kumchagulia. Nukuu iwe ya maneno yanayobeba tamathali, ndani ya alama za mtajo, si aya nzima. Tofauti ya tahajia kati ya tashbihi na tashbiha haiadhibiwi; "stiari" ni kosa la tahajia.

Yapo maneno ambayo utaratibu huu hauyamalizi, na si haki kujifanya unayamaliza. "Mdomo wa chupa" na "mguu wa meza" zilianza kama sitiari, lakini leo ndiyo majina ya kawaida ya sehemu hizo, na hakuna sababu ya kuyatolea swali. "Mkono wa sheria ni mrefu" ni gumu zaidi. Mkono unaweza kuwa umesimamia askari wanaokamata, na hiyo ni taashira. Au sheria imechorwa kama mtu anayenyoosha mkono, na hapo tuko kwenye sitiari na tashihisi. Kwa sentensi za namna hii usahihishaji huangalia maelezo: aliyeandika taashira akaeleza ni nani aliye nyuma ya mkono anapata, na aliyeandika sitiari akaeleza ni kipi kimefananishwa na kipi naye anapata.