Kimya cha bando na kimya cha mtu

Mtoto wa dada yangu anauza nguo Darajani. Msimu wa karafuu uliopita alikuwa na miezi miwili tu tangu ajuane na binti wa Konde, Pemba. Jumapili moja baada ya Isha akanijia uso umemsawijika. "Mamdogo, keshaniacha. Tangu Alkhamisi hajibu."

Nikamwambia anipe simu. Tukakaa barazani tukazipitia zile siku nne, ujumbe mmoja mmoja. Alkhamisi jioni aliandika WhatsApp, ikabaki tiki moja. Ijumaa mchana akapiga, akaambiwa namba haipatikani. Jumamosi akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika, na tiki bado moja. Jumapili asubuhi tiki zikawa mbili, za buluu, na jibu hakuna. Kwake yeye yote hayo yalikuwa neno moja. Kwangu yalikuwa mambo manne tofauti.

Dhana: hapokei simu kwa sababu hana vocha.

Vocha inahitajika kupiga na kutuma. Kupokea simu na meseji za kawaida huku kwetu ni bure, hata salio likiwa sufuri. Kwa hiyo kukosa salio kunaeleza kwa nini hakupigii wala hakutumii meseji. Hakuelezi kwa nini simu yake inaita na haipokewi. Anayekwambia "sikupokea, sikuwa na salio" hajakupa sababu. Na mtu aliyekaa siku mbili bila kukupigia huenda kweli vocha imemwishia, na haya zimemzuia kuomba arushiwe.

Bando nalo ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na salio la kupiga lakini bando limekata, au bando liko kwenye laini ya pili na simu inatumia data ya laini ya kwanza. Hapo WhatsApp inakufa, simu ya kawaida inaishi.

Dhana: tiki moja ni kublokiwa.

Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake. Kublokiwa ni sababu mojawapo. Nyingine ni data kuzimwa, bando kwisha, chaji kwisha, au mtu kuwa mahali pasipo na mtandao. Picha yake kutoonekana nako hakutoshi kuwa ushahidi, maana picha hufichwa kwenye mipangilio pia. Ujumbe usiofika huhifadhiwa na WhatsApp mpaka siku 30, halafu hufutwa.

Njia ya kutenganisha ni simu ya kawaida, mara moja tu, wakati wa heshima. Ikijibiwa kuwa haipatikani, simu imezimwa au haishiki mnara. Pemba ni vilima na mabonde. Ukiteremka bondeni kwenye mikarafuu mtandao unakuacha, na watu wa kijiji wanajua ni chini ya mwembe upi unarudi. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, Pemba tangu 2010, na ukikatika kwa muda mrefu simu zinakosa chaji na minara nayo huanza kuyumba. Lakini ikiita huku tiki ni moja, simu iko hai na mtandao upo: mara nyingi kilichokosekana ni bando. Ijumaa na Jumamosi za mwanangu zikawa zimejieleza hapo.

Dhana: tiki za buluu, basi amesoma akanyamaza.

Hapa ndipo alipoumia zaidi, na hapa ndipo nilipomuuliza swali ambalo alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. Simu hii ni ya nani? Akanyamaza kidogo. "Ya mama yake. Alinambia."

Tiki za buluu zinasema ujumbe umefunguliwa kwenye simu ile. Hazisemi umefunguliwa na nani. Neno "mtandaoni" chini ya jina nalo ni hivyo hivyo, na hata stetasi inaweza kuwa imewekwa na kaka mtu. Nikaubonyeza ujumbe wa Alkhamisi kwa muda, nikafungua maelezo yake. Uliandikwa umefika na kusomwa saa 10:07, yaani saa nne na dakika saba asubuhi. Wa Ijumaa, 10:07. Wa Jumamosi, 10:07. Zote zilifika pamoja na zikafunguliwa pamoja, maana yake bando liliingia dakika ile. Saa nne asubuhi katika msimu, binti wa Konde yuko shamba anachuma, au ndio kwanza anarudi na pakacha. Jioni anakaa na wenzake kwenye jamvi wanachambua karafuu na makonyo mpaka usiku, vidole vyeusi kwa utomvu, simu haishikiki. Aliyekuwa nyumbani saa nne asubuhi ni kaka yake mdogo, ambaye hununua bando aone mpira.

Sasa fikiria kaka mtu yule alisoma nini. Nilizisoma na mimi, na moyo ulinienda mbio kwa ajili ya yule mtoto wa watu. "Mpenzi mbona umenitupa." Kwenye simu ya mama mtu! Kulikuwa na ujumbe wa sauti pia, na sauti ikifunguliwa ukumbini inasikiwa na nyumba nzima. Ukijua simu ni ya nyumbani, andika salamu ambayo hata baba yake akiisoma haimdhuru, usipige mfululizo, wala usipige usiku. Saa ya kuzungumza aipange yeye, na aanze yeye, kwa kubipu au kwa meseji, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye simu iko mkononi mwa nani.

Jumatatu usiku binti alipiga kweli, kwa simu ya binamu yake. Mambo yalikuwa karibu kama tulivyoyasoma.

Dhana: kimya cha makusudi ni pale mtu asipojibu kabisa.

Kwa niliyoyaona, mara nyingi kimya cha makusudi kimejaa maneno. Mtandao mbovu hauchagui: unazuia salamu, unazuia swali, unazuia kila kitu, na ukirudi mtu anarudi na habari za siku zote. Mtu aliyekusudia anachagua.

Siku ile barazani nilikuwa nimerudi nyuma kwenye mazungumzo yao, wiki mbili kabla ya ile Alkhamisi. Mtandao ulikuwa mzuri, majibu yakija ndani ya dakika mbili tatu, na ni yeye mwenyewe, maana walikuwa wakitaniana kwa mambo wanayoyajua wawili. Mara tatu mwanangu aliuliza lini alete wazee wake. Mara ya kwanza binti alijibu kuhusu mvua. Ya pili, bei ya karafuu. Ya tatu aliuliza yeye, "umekula?" Siku nne zilizomkosesha usingizi hazikuwa na kitu. Kimya kilikuwa pale, na hakukiona.

Nikamwambia asimbane kwa maandishi kwenye simu ile. Amuulize kwa mdomo, mara moja, siku atakapopiga kwa simu nyingine. Akafanya hivyo. Binti alikaa kimya, kuchambua kukisikika, halafu akasema yupo mtoto wa ami yake aliyeleta neno kabla ya Ramadhani, na baba hajakataa wala hajakubali.

"Nilikuwa sijui nikwambieje," alisema. "Ndio nikawa nakuuliza umekula."