"Vous" si shikamoo ya Kifaransa

Wiki hii nimesikia tena mtu akiwafundisha wenzake kwamba Kifaransa nacho kina shikamoo yake, na shikamoo hiyo ni "vous" (hutamkwa "vu"). Mkubwa mwambie "vous", rika lako mwambie "tu", basi umemaliza. Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara mwanafunzi ndiye anayekuja kuumia.

Maana yenyewe ni fupi. "Tu" ni wewe. "Vous" ni ninyi, na pia ni wewe unayesemeshwa kana kwamba mko wengi. Kitenzi hufuata: "tu parles", "vous parlez".

Wingi huo kwa mtu mmoja ulianzia kwenye Kilatini, ambako "tu" alikuwa mmoja na "vos" wengi. Watawala wa Roma walizoea kujitaja kwa "sisi" katika amri zao, na mtu anayejiita sisi hujibiwa kwa ninyi. Kutoka ikulu mtindo ukashuka kwa mabwana, kisha kwa watu wa mjini. Kwa hiyo ni kweli kwamba mwanzoni "vous" ilipanda kwenda juu na "tu" ikashuka chini. Ndiyo maana wanamapinduzi wa Ufaransa, mwishoni mwa 1793, walitaka raia wote waambiane "tu". Jambo hilo halikudumu.

Kilichobadilika baadaye ndicho kinachosahaulika. Shikamoo ina njia moja: mdogo anatoa, mkubwa anaitikia marahaba. Bibi wa miaka sabini hamwamkii kijana wa ishirini shikamoo. Lakini bibi huyohuyo wa Kifaransa akiingia dukani atamwambia muuzaji wa miaka ishirini "vous", na muuzaji atamrudishia "vous". Hakuna aliyemwinamia mwenzake. Hawajuani tu. Baina ya watu wazima leo, "vous" na "tu" kwa kawaida huenda na kurudi sawasawa, na kinachopimwa ni ukaribu kuliko umri. Kanuni za maadili za polisi wa Ufaransa, zilizoanza kutumika 2014, zinamtaka askari awaambie wananchi "vous", hata akiwa amemsimamisha kijana wa mtaani.

Tena "tu" si dharau. Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wakisali Baba Yetu kwa "vous" hadi 1966, ilipopitishwa tafsiri ya pamoja na madhehebu mengine. Tangu hapo wanasema "que ton nom soit sanctifié", jina lako litukuzwe, kwa umbo la "tu". Mungu hakushushwa cheo. Upande wa pili, Jacques Chirac, aliyekuwa rais, na mkewe Bernadette waliambiana "vous" katika ndoa yao yote, kama zinavyofanya bado baadhi ya familia za kizamani.

Nilipokuwa mwanafunzi Lyon nilijifunza haya kwa uchungu. Darasani niliwaambia wenzangu "vous" kwa wiki kadhaa, nikidhani naonyesha adabu. Wao waliona najitenga. Mmoja aliniuliza kama amenikosea. Kisha jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akinikaribisha kahawa, akaniambia siku moja: "On peut se tutoyer?" Yaani, tunaweza kuambiana "tu"? Nikajibu ndiyo, kisha kwa heshima ya malezi yangu nikaendelea na "vous". Mara ya tatu akanyamaza kidogo, naye akarudi kwenye "vous". Kwangu mimi nilikuwa nimeinama. Kwake yeye alinyoosha mkono na mimi sikuupokea.

Mtoto ndiye aliye tofauti kweli: mtu mzima humwambia "tu", naye humjibu mtu mzima asiye wa nyumbani kwa "vous". Kazini kila ofisi ina desturi yake. Siku ya kwanza anza na "vous", sikiliza wanavyoambiana, na umwachie mkubwa wa umri au wa cheo alete pendekezo la "tu". Akilileta, lipokee na ulishike mpaka mwisho, hata kwenye "s'il te plaît", yaani tafadhali, maana wengi wetu tunasema "tu" halafu "s'il vous plaît" inatuponyoka kwa mazoea.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukitafuta kitu cha kulinganisha na "vous", iache shikamoo. Sisi babu tunamwambia "umeamkaje", kwa u- ileile ya rafiki, na heshima tumeiweka kwenye shikamoo na kwenye neno "babu" lenyewe. Wafaransa nao wanalo la namna hiyo: "bonjour, madame", "bonjour, monsieur", linalotangulia kabla hujaomba chochote. Anza somo lako na hilo.