SPF 50 yenye PA++: kwa nini madoa ya uso hayafifii

Wagonjwa wangu wengi wenye melasma, yale madoa ya kahawia ya mashavuni na juu ya mdomo, huja na krimu ya jua yenye SPF 50. Wanaipaka kila asubuhi na madoa yako palepale. Mimi huitazama alama iliyo pembeni ya namba hiyo, na mara nyingi nakuta PA++.

SPF hupimwa kwa wekundu wa ngozi iliyoungua, na kinachounguza hasa ni UVB, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana. SPF 30 hupitisha sehemu moja kati ya 30 ya miale hiyo, yaani asilimia 3.3, SPF 50 hupitisha asilimia 2. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko namba zinavyoonekana.

PA ilianzishwa Japani mwaka 1996 na inahusu UVA, aina nyingine ya miale hiyo ya jua, inayotia ngozi weusi. Wapimaji humulika UVA kwenye ngozi ya watu waliojitolea, wakasubiri saa kadhaa, kisha wakaangalia weusi uliobaki penye krimu na pasipo na krimu. Ikihitajika miale mara 2 zaidi ili weusi utokee, krimu inapata PA+. Mara 4 ni PA++, mara 8 ni PA+++, na kuanzia mara 16 ni PA++++, ngazi iliyoongezwa mwaka 2013.

Sasa chukua chupa mbili. Ya SPF 50 PA++ inaweza kupitisha hadi robo ya UVA. Ya SPF 30 PA++++ haipitishi zaidi ya sehemu moja kati ya 16. Kwa mwenye melasma nachagua ya pili bila kusita, hasa kama anakaa karibu na dirisha kazini au kwenye gari, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia UVB nyingi lakini UVA nyingi hupita. Mwenye ualbino ni suala jingine: yeye anaungua haraka, kwa hiyo simshushi SPF hata kidogo, namtafutia zote mbili ziwe juu.

Vipimo vyote hivi hufanywa kwa miligramu 2 za krimu kwa kila sentimita ya mraba. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili kwenye vidole viwili, kutoka shina hadi ncha. Ukipaka nusu yake, kinga ya chupani huipati. Tena, SPF na PA hazisemi chochote kuhusu mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao huchochea melasma kwenye ngozi nyeusi. Ndiyo maana napenda krimu yenye rangi, iliyotiwa oksidi za chuma.

Chupa za Ulaya mara nyingi hazina PA. Tafuta herufi UVA ndani ya duara: kinga yake ya UVA ni angalau theluthi ya SPF. SPF 30 yenye duara hilo basi inafika walau 10, sawa na PA+++, na SPF 50 inavuka 16.