Saa ya NOW na TODAY ni ya nani?

Nimeulizwa tena wiki hii kwa nini `NOW()` na `TODAY()`, fomula za shiti zinazotoa saa na tarehe ya sasa, zinampa mwenzako jibu tofauti na lako, na jibu lilikuwa limeshatolewa na mtu mwingine kabla yangu: "Shiti inasoma saa ya kompyuta yako, kwa hiyo kila mtu anaona ya kwake. Mwambie mwenzako arekebishe saa ya laptopu." Jibu hilo limesambaa sana kwa sababu ni kweli kwa programu moja na ni uongo kwa nyingine. Wanaolitoa hawaulizi kwanza faili liko wapi, na watu wanaishia kuchezea saa za mashine zao ilhali tatizo liko kwenye faili.

Nianze na Google Sheets, maana ndiko ninakoletewa kesi nyingi. Huko saa ni ya faili. Kila faili lina ukanda wake wa saa, na `NOW()` na `TODAY()` hufuata huo, awe anayefungua yuko Dar es Salaam, Maskati au Toronto. Laptopu yako iweke unavyotaka, seli haitajali. Watu wawili wakiangalia faili lile lile kwa dakika ile ile, wanaona tarehe ile ile.

"Lakini mwenzangu anaona tofauti!" Hapo ndipo ninapoomba tutulie, kwa sababu karibu kila mara hawakuangalia kwa dakika ile ile.

Chukua ofisi ya kliaringi yenye watu Dar es Salaam na Maskati. Wana shiti ya kontena: safu ya B ni tarehe kontena liliposhushwa, safu ya C ni siku zilizopita, na ikifika 7 seli inageuka nyekundu kwa sababu siku za bure zimeisha na tozo inaanza.

```
=TODAY()-B2
```

Kontena limeshushwa 3 Julai. Asubuhi ya 10 Julai, mtu wa Maskati anafungua shiti saa tatu, ambayo Dar ni saa mbili. Anaona 6, seli nyeupe, anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: bado tuna siku moja. Mtu wa Dar anakuja kuifungua saa tano na nusu, anaona 7, nyekundu. Ubishi unaanza, na mtu anatoa jibu la laptopu.

Kilichotokea ni hiki. Faili lilianza kama kiolezo kilichonakiliwa kutoka Marekani, na nakala imerithi ukanda wa saa wa Pasifiki, ule wa California. Mwezi wa Julai California iko nyuma ya Dar kwa saa 10. Saa mbili asubuhi ya Dar, kule ni saa nne usiku, bado tarehe 9. Kwa faili hilo siku mpya inaanza saa nne asubuhi kwa saa za Dar. Kwa hiyo yeyote anayelifungua kabla ya saa nne, awe Dar, Maskati au Lubumbashi, anaona jana. Anayelifungua baadaye anaona leo. Tofauti haikuletwa na mahali walipo. Imeletwa na muda waliofungua, na kwa bahati mbaya wa Maskati huwahi kazini kuliko wa Dar, ndiyo maana inaonekana kama ni suala la nchi.

Angalia pia jinsi `TODAY()` inavyoficha ushahidi. Yenyewe inatoa tarehe tupu, bila saa, kwa hiyo hitilafu ya saa 10 haionekani kabisa kwa sehemu kubwa ya siku, halafu asubuhi inajitokeza kama siku nzima. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalofanya ni kuandika `=NOW()` kwenye seli tupu na kuipa mtindo wa tarehe na saa. Kisha tunapigiana simu. Mmoja anaandika chochote kwenye seli nyingine ili shiti ihesabu upya, kwa sababu kwa kawaida `NOW()` ya Google Sheets haitembei hadi kitu kibadilike, na wote tunasoma kwa sauti. Tukisoma namba moja, saa ni ya faili. Ikiwa nyuma ya simu ya Dar kwa saa 10 au 11, ni Pasifiki. Ikiwa nyuma kwa saa 3, faili liko kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Ikiwa nyuma kwa saa moja, aliyeliunda pengine yuko Lubumbashi, Kigali au Bujumbura.

Tiba ni fupi. Nenda `File`, kisha `Settings`, kisha `Time zone`, chagua ukanda wa Afrika Mashariki, hifadhi. Tarehe zilizoandikwa kwa mkono hazitasogea, kwa sababu ndani ya seli tarehe ni namba ya siku tu na haina ukanda wowote. 45000 ni 15 Machi 2023, popote ulipo. Kitakachobadilika ni kile kinachohesabiwa na `NOW()` na `TODAY()`.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kuliko vyote. Badala ya kwenda kwenye mipangilio, mtu mwerevu wa ofisi anaandika hivi:

```
=INT(NOW()+10/24)-B2
```

Julai inafanya kazi, naye anasifiwa. Lakini California hubadilisha saa zake: Jumapili ya pili ya Machi wanasogea mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudi nyuma. Novemba ikifika, tofauti na Dar inakuwa saa 11, na fomula inabaki na 10. Sasa siku mpya ya shiti inaanza saa saba usiku wa Dar. Nani yuko kwenye shiti kati ya saa sita na saa saba usiku? Karibu hakuna, basi kosa linalala. Halafu siku moja mtu mwingine anagundua mipangilio, anaweka Nairobi, ambayo saa yake ni ile ile ya Dar, kwa nia njema kabisa, na ile `+10/24` inabaki humo ndani. Kuanzia hapo shiti inaingia kesho saa nane mchana. Kontena zinageuka nyekundu mchana wa siku iliyotangulia, na ikifika asubuhi kila kitu kinaonekana sawa. Nikiona shiti yenye tabia hiyo sihangaiki na laptopu ya mtu. Natafuta `/24` kwenye fomula zote kwa `Ctrl+H`, nikiwasha chaguo la kutafuta ndani ya fomula.

Kuongeza saa si kosa lenyewe. Ukitaka safu inayoonyesha saa ya Maskati kutoka kwenye faili la Nairobi, `=NOW()+1/24` inatosha mwaka mzima, na Lubumbashi ni `=NOW()-1/24`, kwa sababu hakuna kati ya sehemu hizo inayobadilisha saa zake. Ugumu ni kwa ndugu walioko Ulaya na Amerika. London husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 01:00 UTC mara zote mbili. Fomula lazima ijue hivyo:

```
=LET(utc, NOW()-3/24, mwaka, YEAR(utc),
 mwanzo, DATE(mwaka,3,31)-WEEKDAY(DATE(mwaka,3,31))+1+1/24,
 mwisho, DATE(mwaka,10,31)-WEEKDAY(DATE(mwaka,10,31))+1+1/24,
 utc+IF(AND(utc>=mwanzo,utc<mwisho),1/24,0))
```

Toronto ina kanuni nyingine, usiinakili hii.

Tuje kwa Excel ya kusakinishwa. Faili likiwa OneDrive, watu watatu wakilifungua kwa pamoja kila mmoja kwenye programu ya laptopu yake, hapo ndipo lile jibu la mtaani lina ukweli. Kila mashine inahesabu yenyewe na inasoma saa yake yenyewe. Saa sita na nusu usiku ya Maskati, mtu wa Maskati ana tarehe 10 na wa Dar ana tarehe 9, kwa wakati mmoja, kwenye faili moja, na mashine zote mbili ziko sahihi. Usitafute kitufe cha ukanda wa saa kwenye faili la Excel, hakipo. Na thamani inayobaki imehifadhiwa ndani ya faili ni ya yule aliyehifadhi mwisho, kwa hiyo ripoti inayosoma faili hilo bila kulihesabu upya inachukua siku ya mtu huyo.

Kumwambia mwenzako wa Maskati aweke laptopu yake kwenye saa ya Dar ni ushauri mbaya. Ana mikutano na kalenda yake, ataharibu vyote. Njia ninayoipenda ni kumnyang'anya kila mtu saa na kuiomba UTC kupitia Power Query, zana ya kuleta data iliyomo ndani ya Excel:

```
= DateTime.Date(DateTimeZone.RemoveZone(
   DateTimeZone.SwitchZone(DateTimeZone.FixedUtcNow(), 3)))
```

Hiyo inatoa tarehe ya Dar hata laptopu ikiwa Maskati. Ina masharti mawili. Hailetwi upya mpaka mtu abonyeze `Refresh All` au uiwekee ijilete faili linapofunguliwa. Na inadai ukanda wa laptopu uwe wa kweli. Kuna wasafiri ambao wakishuka uwanja wa ndege husogeza mshale wa saa kwa mkono na kuacha ukanda wa walikotoka. Saa kwenye skrini inaonekana sawa, lakini mashine inakokotoa UTC kutokana na ukanda, kwa hiyo UTC yake ni ya uongo. Ukiona mtu mmoja tu kati ya watano anapishana, muulize kama amesafiri karibuni.

Ambao hawataki Power Query wawe na seli moja ya tarehe ya kazi, iliyoandikwa kwa mkono kila asubuhi na mtu aliye bandarini, na fomula zote zielekee hapo badala ya `TODAY()`. Inaonekana ya kizamani. Kwa ofisi ndogo naiona imara kuliko hila zote hapo juu, ila siku mtu huyo akiumwa, shiti inabaki jana.

Kuna swali moja ambalo sijalimaliza mwenyewe: ukanda upi uwekwe faili likiwa na watu wa nchi nne? Wapo wanaosema UTC kwa kila kitu. Kwa kumbukumbu za mifumo nakubaliana nao, lakini kwenye shiti ya kontena UTC inaanza siku saa tisa usiku ya Dar, na mlinzi wa zamu ya usiku ataona jana. Mimi huweka ukanda wa mahali tozo inapohesabiwa, kwa kuwa ankara itafuata siku ya bandari na si siku ya mteja. Lakini shiti hiyo hiyo ikiwa na kontena za Dar na za Maskati, ukanda mmoja hautoshi, na hapo naongeza safu ya bandari na kuhesabu leo ya kila mstari, M ikiwa Maskati na faili likiwa kwenye saa ya Nairobi:

```
=INT(NOW()+IF(D2="M",1/24,0))-B2
```

Kichwa cha safu hiyo nakiandika "Siku, kwa saa ya bandari", na `/24` hiyo naiwekea maelezo kwenye seli ili asije mtu akaifuta akidhani ni kiraka cha zamani.